Vyungu 18 vya lengalenga: kuchukua logi au kwenda Kruskal-Wallis?

*"Jambo sana Profesa. Niko mwaka wa mwisho wa agronomia hapa Lubumbashi. Nilipanda lengalenga kwenye vyungu 18 vya udongo wenye shaba nyingi: 6 udongo mtupu, 6 nikatia chokaa, 6 chokaa pamoja na samadi ya kuku. Siku ya 35 nilivuna, nikakausha, nikapima. Mabaki ya anova yana mkia mrefu sana upande wa kulia, na Shapiro inatoa p = 0.001. Promota ananiambia nichukue logi. Mwenzangu anasema data ikikataa mgawanyo wa kawaida, lazima niende Kruskal-Wallis. Nimsikilize nani? Uzito wote nimekutumia."*

Msikilize promota wako, mwanangu, lakini usichukue logi kwa sababu ya ile p ya Shapiro. Chukua logi kwa sababu ya jinsi mmea unavyokua. Ukiielewa sababu hiyo utaweza kuitetea mbele ya jopo, na siku logi isipofaa utaitambua mapema.

Tuanze na mmea wenyewe. Mche wa lengalenga katika wiki zake za kwanza hauongezi gramu zilezile kila siku. Unaongeza sehemu fulani ya uzito ulio nao tayari, kwa kuwa majani yaliyopo ndiyo yanayotengeneza majani mengine. Ni kama deni lenye riba juu ya riba. Tuseme mche mmoja unaongeza asilimia 8 kwa siku, wa pili 10, wa tatu 12, na ongezeko hilo linajizidisha kila dakika, si mara moja kwa siku, kwa siku 30. Kasi zao zimepangana sawasawa, 2 chini ya kati na 2 juu ya kati. Lakini wa kwanza utakuwa umekuwa mara 11 ya uzito wake wa mwanzo, wa pili mara 20, wa tatu mara 37. Pengo la chini ni 9, pengo la juu ni 17. Hakuna aliyekosea kupima na hakuna chungu kibaya. Mkia wa kulia umezaliwa na ukuaji wenyewe, kwa kuwa tofauti ndogo za kasi zinazidishwa siku hadi siku.

Sasa weka hilo kwenye udongo wako. Udongo wa Lubumbashi uliopokea moshi na vumbi la viyeyushio vya shaba tangu miaka ya 1910 hauna shaba iliyotandazwa sawa kama siagi kwenye mkate. Koleo moja lina shaba nyingi inayoyeyuka, koleo la pembeni lina kidogo. Ukijaza vyungu, chungu kimoja kinapata bahati na mche wake unaanza mapema, na mapema hiyo inazidishwa kwa siku zote zilizobaki. Ndiyo maana katika kila kundi lako, pamoja na lile la udongo mtupu, kuna chungu kimoja kilichoacha vingine mbali.

Logi inarudisha kuzidisha kuwa kujumlisha. Ukichukua logi ya 11, 20 na 37 unapata 2.4, 3.0 na 3.6, mapengo yanayolingana. Anova inataka dunia ya kujumlisha, na kwenye logi ndipo lengalenga yako inaishi katika dunia hiyo.

Hii hapa data yako kama nilivyoiandika upya, uzito mkavu kwa gramu kwa chungu. Kundi la tatu nimeliita "mseto" ili jina liwe fupi.

```r
kundi <- factor(rep(c("mtupu", "chokaa", "mseto"), each = 6),
                levels = c("mtupu", "chokaa", "mseto"))
uzito <- c(0.4, 0.6, 0.7, 0.9, 1.3, 2.9,
           1.0, 1.2, 1.6, 2.2, 3.1, 6.4,
           2.8, 3.5, 4.6, 6.0, 9.1, 19.7)
d  <- data.frame(kundi, uzito)
m0 <- aov(uzito ~ kundi, data = d)
m1 <- aov(log(uzito) ~ kundi, data = d)
```

Kabla ya jaribio lolote, tafuta wastani na mtawanyiko wa kila kundi (ule ambao R inauita `sd`). Udongo mtupu una wastani wa 1.13 na mtawanyiko wa 0.92. Chokaa ina 2.58 na 2.02. Mseto una 7.62 na 6.33. Tazama namba hizo kwa makini, kwa maana ndizo zinazotoa hukumu. Mtawanyiko unapanda pamoja na wastani, na ukigawanya mmoja kwa mwingine unapata 0.81, 0.78 na 0.83, karibu sawa kabisa. Mtawanyiko unapokuwa sehemu ileile ya wastani katika kila kundi, logi ndiyo dawa yake, na huhitaji kujaribu nyingine. Kweli, baada ya logi mitawanyiko ya makundi yako inakuwa 0.69, 0.68 na 0.71.

Hapo utaona kwamba ulichokuwa unaogopa hakikuwa ugonjwa mkubwa. Ulitazama mkia tu. Kinachoumiza anova zaidi ni mtawanyiko usiolingana, kwa kuwa anova inachanganya mitawanyiko yote mitatu kuwa kosa moja la pamoja. Katika `m0` kosa hilo karibu lote linatoka kwenye mseto, tena sehemu kubwa kwenye kile chungu cha 19.7. Ukitumia kosa hilo kulinganisha udongo mtupu na chokaa, ni kama kupima chumvi ya sombe kwa mzani wa magunia ya mahindi. Chora `plot(m0, which = 1)` utaona nukta zinafunguka kama tarumbeta kuelekea kulia. Chora `plot(m1, which = 1)` na tarumbeta imetoweka.

Shapiro je? Kwenye mabaki ya `m1` inatoa p ya karibu 0.07. Mkia kidogo wa kulia umebaki, na hilo lisikunyime usingizi. Napenda tu uone jinsi kipimo hicho kilivyo kiongozi dhaifu. Ukiwa na vyungu 6 kwa jumla, Shapiro haina nguvu ya kuona hata mkia mrefu. Ukiwa na vyungu 600, italalamika juu ya mkia ambao hauidhuru anova hata kidogo. Mwenzako anayesema "p ya Shapiro ikiwa chini ya 0.05, nenda Kruskal-Wallis" anakabidhi uamuzi kwa namba inayotegemea zaidi wingi wa vyungu kuliko umbo la data. Tena angalia umeipima juu ya nini. Wanafunzi wengi wanaingiza safu nzima ya uzito kwenye `shapiro.test`. Safu nzima ina makundi matatu yenye wastani tofauti, kwa hiyo inaweza kuwa na mkia au nundu kwa sababu tu samadi imefanya kazi. Wewe umepima mabaki, na umefanya vizuri.

Kama unataka ushahidi mwingine wa kumwonyesha promota, kuna njia ya Box na Cox ya mwaka 1964. Inauliza: uzito uinuliwe kwa kipeo gani ili mabaki yatulie? Kipeo 1 ni kuacha data ilivyo, 0.5 ni mzizi wa pili, 0 ni logi. Andika `MASS::boxcox(m0)`. Kwa data yako kilele kinaangukia chini kidogo ya 0, na 0 yenyewe imo vizuri ndani ya masafa yanayokubalika, wakati 1 iko mbali nje. Usitumie kile kipeo cha ajabu cha kilele, kwa sababu hakuna mkulima wala mjumbe wa jopo atakayejua gramu zilizoinuliwa kwa kipeo cha -0.15 ni kitu gani. Chukua 0, yaani logi, ambayo ina maana inayosemeka.

Sasa nimtendee haki mwenzako. Kruskal-Wallis, iliyotolewa mwaka 1952, ni jaribio zuri. Linaacha gramu na kubaki na nafasi: chungu cha 0.4 ni wa 1, cha 19.7 ni wa 18. Kwa data yako jumla za nafasi ni 28 kwa udongo mtupu, 56 kwa chokaa na 87 kwa mseto. Jaribio linatoa 10.19, na p yake ni 0.006. Anova juu ya gramu zenyewe inatoa F ya 4.64 na p ya 0.027. Anova juu ya logi inatoa F ya 11.16 na p ya 0.001. Zote tatu zinakuambia makundi hayafanani. Kama ungetaka jibu hilo tu, mngekuwa mnabishana bure.

Lakini wewe hutaki hilo tu. Mama anayelima lengalenga kando ya mji atakuuliza: nikiongeza samadi juu ya chokaa, napata mara ngapi? Kruskal-Wallis haina mdomo wa kujibu swali hilo. Itakuambia mseto unashika nafasi za juu, kisha inanyamaza. Watu huandika kwamba "mediani zinatofautiana", na hapo ndipo ninaposimamisha kalamu ya mwanafunzi. Jaribio la nafasi linahusu mediani pale tu makundi yana umbo moja na mtawanyiko mmoja, na kilichobadilika ni mahali yalipokaa. Kwenye gramu zako sharti hilo limevunjika, kwa maana mseto umetawanyika karibu mara 7 ya udongo mtupu. Makundi mawili yenye mediani ileile lakini maumbo tofauti yanaweza kukupa p ndogo. Kwa hiyo anayekimbia anova kwa sababu masharti yamevunjika, akaingia Kruskal-Wallis akidhani haina masharti, amebadilisha mlango tu. Sharti la mtawanyiko linamngoja ndani.

Kuna jambo moja zuri katika hili ambalo nalifundisha kila mwaka. Logi haibadilishi nafasi: kilicho kikubwa kinabaki kikubwa. Kwa hiyo Kruskal-Wallis juu ya gramu na Kruskal-Wallis juu ya logi ni jaribio lilelile, namba kwa namba. Maana yake, sharti la umbo moja likitimia kwenye logi, na kwako limetimia, unaweza kulisoma Kruskal-Wallis kama jaribio la tofauti ya mahali kwenye logi, yaani tofauti ya mara ngapi kwenye gramu. Bado unahitaji logi ili uisome. Na ukiona kazi imeandikwa "data zilibadilishwa kwa logi, kisha zikachambuliwa kwa Kruskal-Wallis", ujue mwandishi alifanya hatua moja ya bure.

Turudi kwa mama wa bustani. Andika hivi:

```r
exp(TukeyHSD(m1)$kundi[, 1:3])
```

Tofauti ya logi mbili, ukiirudisha kwa `exp`, ni uwiano. R inakupa kwamba chokaa ikilinganishwa na udongo mtupu ni mara 2.3, na masafa ya asilimia 95 ni kutoka 0.8 hadi 6.5. Mseto na udongo mtupu ni mara 6.6, kutoka 2.3 hadi 18.8. Mseto na chokaa ni mara 2.9, kutoka 1.02 hadi 8.2. Uwiano wa 1 maana yake hakuna tofauti, kwa hiyo la kwanza limevuka 1 na haliwezi kutangazwa, la pili liko imara, la tatu limepita mlangoni kwa kujibana.

Hapo kwenye la tatu majaribio yako yanaachana, na ndipo nataka uwe mwangalifu kuliko popote. Ukitumia gramu zenyewe, tofauti ya mseto na chokaa haionekani. Ukitumia jaribio la Dunn, ambalo hufuata Kruskal-Wallis, p ni 0.09 hata kabla ya kuirekebisha kwa ulinganisho tatu. Logi peke yake inatoa p ya chini kidogo ya 0.05. Kishawishi ni kusema logi ni bora kwa sababu imekupa nyota. Usiseme hivyo hata kimoyomoyo. Logi ilichaguliwa na ukuaji wa mmea na ile mitawanyiko mitatu, kabla hatujaona p yoyote. Kama ingekunyima nyota, ungebaki nayo vilevile. Anayejaribu njia tatu na kuchagua inayompendeza hana tena haki ya kuita p yake 0.05.

Na kwa kuwa matokeo hayo yamejibana, nilifanya jambo moja ambalo nakuomba ulifanye pia na kuliandika: nilikiondoa kile chungu cha 19.7 na kurudia. Mseto ukilinganishwa na chokaa unashuka kutoka mara 2.9 hadi 2.3, na masafa yanavuka 1. Mseto ukilinganishwa na udongo mtupu unashuka kutoka 6.6 hadi 5.2 na unabaki imara. Basi unajua lipi la kulisema kwa sauti na lipi kwa sauti ya chini. Sikuambii ukitupe chungu hicho. Nenda kwenye daftari lako uone kama kulikuwa na kitu: kilikaa ukingoni penye jua, kilibaki na miche miwili badala ya mmoja, au mzani ulisoma vibaya. Kama daftari liko kimya, chungu kinabaki ndani, na unaandika kwamba matokeo ya mseto na chokaa yanakitegemea.

Jaribio la nafasi lina fadhila moja hapo, ambayo logi haina. Kwa Kruskal-Wallis, chungu hicho kingekuwa na 19.7 au 197, nafasi yake ni ya 18 tu. Kama unashuku mzani, au una vyungu viwili vitatu vya ajabu ambavyo hata logi haivitulizi, nafasi zitakulinda. Na gharama ya ulinzi huo si kubwa kama watu wanavyodhani. Data ikiwa imetulia kabisa katika mgawanyo wa kawaida, na vyungu ni vingi, Wilcoxon ya makundi mawili inafanya kazi kwa takriban asilimia 95 ya ufanisi wa jaribio la t. Ila kwenye vyungu vichache gharama inageuka ukuta. Ukiwa na marudio 3 kwa kundi, kama kazi nyingi zinazoletwa mezani kwangu, p ndogo kuliko zote ambayo Wilcoxon ya pande mbili inaweza kutoa ni 0.1, hata kama kundi moja lina gramu 1 na lingine gramu 1,000. Kuna njia 20 tu za kugawa nafasi 6 kwa makundi mawili ya watatu, na mbili kati ya hizo ndizo za kupindukia. Mwanafunzi analia kwamba samadi haikufanya kazi, kumbe jaribio lake halikuwa na uwezo wa kusema ndiyo.

Nikuambie pia mahali ambapo mimi mwenyewe ningeiacha logi. Kwanza, mche ukifa. Kama chungu kimoja cha udongo mtupu kingekuwa na 0, logi ya 0 haipo. Wengi wanaongeza 1 kwenye kila uzito na kuendelea kama hakuna kilichotokea. Tazama kinachotokea. Ukipima kwa gramu, umbali kati ya mche uliokufa na mche wa 0.4 baada ya kuongeza 1 na kuchukua logi ni 0.34. Pima vyungu vilevile kwa miligramu: sasa ni 0 na 400, na umbali unakuwa karibu 6. Mimea ileile, udongo uleule, jibu tofauti kwa sababu ya kizio ulichochagua. Uchambuzi unaobadilika ukibadilisha gramu kuwa miligramu hauwezi kutetewa. Kifo ni swali lake peke yake. Hesabu wangapi walipona kwa kila kundi, uwachambue kama hesabu ya waliopona na waliokufa, kisha uzito wa waliopona uende kwenye logi. Kwenye udongo wa shaba maswali hayo mawili mara nyingi yana majibu tofauti, kwa hiyo ukiyachanganya unapoteza la thamani zaidi. Kama zero ni nyingi sana na unataka jaribio moja tu la jumla, hapo Kruskal-Wallis ina nafasi, ilimradi useme wazi kwamba mfu na mdogo wamewekwa kwenye mstari mmoja.

Pili, mkia ukiwa upande wa kushoto. Hilo hutokea mimea ikikaa siku nyingi kwenye chungu kidogo: mizizi inajaza chungu, wakubwa wanasimama, na wachache waliodumaa wanabaki nyuma. Ukuaji wa kuzidisha umeshakwisha, na logi itaurefusha mkia huo. Ukiwa umevuna siku ya 35 hujafika huko, lakini mwenzako anayevuna siku ya 70 asinakili hatua zako bila kutazama mchoro. Na ukiona nundu mbili kwenye mabaki, usitafute jaribio, tafuta sababu. Huenda nusu ya vyungu vilijazwa kutoka gunia jingine la udongo, na dawa yake ni kuliingiza gunia hilo kwenye modeli.

Hilo la gunia linanipeleka kwenye kasoro ambayo wengi hawaioni mpaka wamekwama. Vyungu vyako ulivihamisha huku na huku bila mistari, kwa hiyo modeli yako ina kundi tu. Laiti ungevipanga kwa bloku, au ungekuwa na chokaa kwa viwango vitatu na samadi kwa viwango viwili, Kruskal-Wallis isingeweza kubeba bloku wala kukuambia kama chokaa inafanya kazi tofauti penye samadi. Friedman inabeba bloku, ila kwa kulinganisha ndani ya bloku tu. Anova juu ya logi inabeba yote mawili kwa `log(uzito) ~ bloku + chokaa * samadi`. Kumbuka tu kwamba muingiliano kwenye logi unauliza jambo lake. Kama chokaa inazidisha uzito mara 2 penye samadi na mara 2 pasipo samadi, kwenye logi hakuna muingiliano, ingawa kwa gramu nyongeza ya kwanza ni kubwa zaidi. Amua mapema unauliza kuhusu mara ngapi au kuhusu gramu ngapi.

Na swali la gramu ngapi ni halali. Ukirudisha wastani wa logi kwa `exp`, unapata 0.91 kwa udongo mtupu, 2.09 kwa chokaa na 6.04 kwa mseto. Hizo si wastani wa kawaida, ambao ulikuwa 1.13, 2.58 na 7.62. Zinakaa karibu na mediani, yaani chungu cha katikati. Kumwelezea mtu mche wa kawaida unafananaje, zinafaa kuliko wastani, kwa maana wastani wako wa mseto umevutwa juu na chungu kimoja. Lakini mtu akitaka kujua atavuna kilo ngapi kwenye tuta zima, jumla inatoka kwenye wastani wa kawaida, na ukimpa 6.04 utakuwa umempunja. Kwa swali hilo tumia modeli inayobaki kwenye gramu huku ikikubali mtawanyiko upande na wastani:

```r
m2 <- glm(uzito ~ kundi, data = d, family = Gamma(link = "log"))
```

Inatoa wastani uleule wa 1.13, 2.58 na 7.62, na uwiano wa mseto kwa chokaa wa 2.95, jirani kabisa na 2.89 ya logi. Zikikaribiana hivyo, huna haja ya kuzibeba zote kwenye kazi yako. Mimi ningebaki na logi, kwa kuwa jopo linaielewa.

Kwenye sura ya mbinu, andika sentensi mbili: kwamba uzito mkavu ulibadilishwa kwa logi asilia kwa sababu mtawanyiko uliongezeka sambamba na wastani, na kwamba tofauti zimerudishwa na kutolewa kama uwiano. Kwenye mchoro, weka nukta zote 18 juu ya mhimili wa logi, usifiche chochote ndani ya nguzo. Na kwenye matokeo andika hivi: "Chokaa pamoja na samadi ya kuku iliongeza uzito mkavu wa lengalenga mara 6.6 kuliko udongo mtupu (masafa ya asilimia 95: 2.3 hadi 18.8). Ikilinganishwa na chokaa peke yake ongezeko lilikuwa mara 2.9 (1.02 hadi 8.2), na linategemea chungu kimoja, bila chungu hicho ni mara 2.3 na masafa yanavuka 1." Kisha nionyeshe ukurasa wa daftari wenye chungu hicho.